Ngano ya Kusomwa kwa Sauti Darasani

Kima alikuwa akikaa juu ya mkuyu uliosimama kando ya bahari. Kila siku alikula matunda na kumtupia mengine rafiki yake, papa. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na walipofika maji makuu akamfichulia siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alisema kwamba kima wakisafiri huacha mioyo yao mtini, basi warudi wakauchukue. Papa akageuka. Kima akarukia mkuyu wake, na hakushuka tena.

Ngano hii imesafiri mbali. Iko katika Panchatantra ya Wahindi, ambako rafiki msaliti ni mamba, na iko katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, na humo ni kobe. Askofu Edward Steere aliikuta ikisimuliwa Zanzibar kwa Kiswahili, akaichapisha mwaka 1870. Pwani ndiyo iliyompa kazi hiyo papa.

Mwalimu anayetaka kuiandika upya kwa ajili ya darasa la pili au la tatu hukutana na tatizo ambalo msomaji wa kimyakimya halioni. Mtoto anayesikiliza hana ukurasa wa kurudia. Haoni alama za kunukuu. Na Kiswahili humweka kima na papa katika kiambishi kimoja, kwa hiyo sentensi kama "Alipomwambia kuwa alikuwa mgonjwa, alishtuka akamwuliza" haimwambii nani kamwambia nani, wala mgonjwa ni yupi. Kwenye karatasi huenda ikaeleweka kwa kutazama nyuma. Masikioni imepotea, na dalili yake ni watoto kuanza kuulizana pembeni.

Dawa ni kutaja jina kabla ya maneno, kila mara, bila kuogopa kurudia:

Papa akasema, "Sultani wetu ni mgonjwa."
Kima akauliza, "Dawa yake nini?"
Papa akasema, "Moyo wa kima."

Hapo msomaji ananyamaza kidogo. Sentensi moja imebeba jambo moja, na ile "-ka-" ya masimulizi inasukuma tukio hadi tukio bila haja ya "halafu" na "baada ya hapo" zinazorundikana katika insha nyingi za shule. Maneno 400 au 500 yanatosha, yaani kama dakika 5 kwa mwendo wa taratibu. Vipande virefu vya kuusifia uzuri wa bahari vikatwe kwanza, kwa kuwa hapo ndipo watoto huanza kuchezea kalamu.

Kiitikio nacho kinahitaji kazi. "Paukwa!" na "Pakawa!" huwakusanya wasikilizaji mwanzoni, lakini ndani ya ngano darasa linaweza kupewa sauti ya papa. Kila siku papa anapofika chini ya mkuyu, wote wanaita: "Tupa, kima, nidake!" Msomaji anajibu: "Chubwi!" Wanaita mara 3, matunda yanaanguka mara 3. Baada ya usaliti papa anarudi, darasa linaita vilevile, na msomaji hajibu kitu. Watoto huona wenyewe kwamba kuna kilichokatika.

Funzo la ngano linaandaliwa mahali kama hapo. Kosa la kawaida ni mwandishi kulibandika mwishoni: usidanganye, uwe na busara, watii wazazi, yote kwa pamoja. Ngano ya kima ina njia mbili, utulivu wakati wa hatari na kutomrudia aliyekwisha kukusaliti, na mwandishi achague moja. Akichagua utulivu, azitumie sentensi zake pale mgongoni mwa papa: kima anatazama maji, anameza mate, anafikiri. Akichagua la pili, uzito uende kwenye mwito usiojibiwa.

Katika kitabu cha Steere, kima akiwa mtini anamsimulia papa kisa kingine, cha punda wa dobi. Punda alipelekwa na sungura kwa simba, akaponea chupuchupu, kisha akakubali kurudi mara ya pili na kuuawa. Sungura alikula moyo na masikio yake kwa siri, akamwambia simba kwamba punda huyo hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Ni kisa kizuri sana, lakini hadithi ndani ya hadithi huwachanganya wasikilizaji wadogo. Kinafaa kusomwa siku inayofuata, na darasa liulizwe kwanza: kima angemwambia nini punda?