Faiba Moja, Vyumba Vitano

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zimezoea ugomvi wa LUKU: mwenye friji anamlaumu mwenye pasi, na mwenye pasi anamrudishia. Kwa hiyo mwenye nyumba akiwaita wapangaji uani na kusema, "Jamani, tuvute faiba moja, tuchangie," wengi huona ugomvi uleule unakuja.

Lakini hesabu zake si zile za umeme. Uniti huisha kadiri zinavyotumika, ilhali kifurushi cha nyumbani kisicho na kikomo kina bei ileile kwa mwezi, mtumie msitumie. Kinachogombewa ni kasi, hasa usiku watu wakisharudi. Hakuna haja ya kumpima mtu matumizi.

Kugawa sawa kwa kila chumba kunamwonea anayeishi peke yake. Kugawa kwa vichwa tu kunaielemea familia kubwa, ingawa waya umefika mlangoni kwa wote. Njia rahisi ni kuchanganya: nusu ya bili igawanywe kwa vyumba, nusu kwa watu wenye simu au kompyuta.

Tuseme bili ni shilingi 60,000, na vyumba vilivyokubali ni vitano, cha mwenye nyumba kikiwemo. Nusu ya kwanza, 30,000, inakuwa 6,000 kwa kila chumba. Watumiaji wote ni 12, hivyo nusu ya pili ni 2,500 kwa kila mmoja. Anayeishi peke yake atalipa 8,500; chumba chenye watumiaji wanne, 16,000. Vyumba viwili vya watu wawili wawili vitalipa 11,000 kila kimoja, na cha watatu 13,500. Jumla inarudi 60,000 kamili.

Gharama ya kufungiwa na ya ruta ni ya mwenye nyumba, kwa sababu vinabaki kwake mpangaji akihama. Chumba kikibaki kitupu, fungu lake lote, la chumba na la watumiaji wake, naye alibebe. Si haki waliobaki wapandishiwe bei kwa sababu yake. Risiti ibandikwe ukutani kila mwezi. Akianza kuongeza chake juu ya bili, si mchango tena bali ni biashara ya kuuza intaneti, na hiyo ina masharti ya TCRA. Mkataba wa kampuni nao usomwe kwanza, kwani baadhi ya vifurushi vya nyumbani haviruhusu kugawia wengine.

Kabla ya kukusanya hata senti, pimeni mawimbi chumba cha mwisho, mlango ukiwa umefungwa. Kuta za tofali za saruji hudhoofisha mawimbi, hasa ya 5 GHz, ya 2.4 GHz hupenya zaidi lakini kasi yake ni ndogo. Chumba kisichopata kitu kivutiwe waya, au kisihesabiwe.

Halafu kuna jirani aliyekataa kuchangia, lakini mwezi wa pili simu yake imeunganishwa. Amepewa nenosiri na rafiki. Orodha ya vifaa ndani ya ruta itaonyesha simu ya ziada. Hapo nenosiri libadilishwe, au huyo jirani aingizwe kwenye hesabu, na bei ya kila mmoja ishuke.