Faili la mahesabu limetoweka dukani? Angalia karantini kabla hujamshuku mtu

Hili linatokea sana. Jioni umefunga hesabu vizuri, asubuhi unafungua kompyuta na faili la stoo halipo. Wewe hujalifuta. Kwenye Recycle Bin halipo. Hapo wengi wanaanza kumwangalia kijana wa dukani kwa jicho baya, hasa kama ndani ya faili kulikuwa na orodha ya madeni. Subiri kwanza. Yupo mshukiwa mwingine wa kumkagua, naye ni antivairasi.

Antivairasi ikilitilia shaka faili, kwa kawaida hailifuti papo hapo. Inalitoa mahali pake, inalifungia kwa namna ambayo haliwezi kufunguka, na kuliweka kwenye chumba chake cha siri kinachoitwa karantini. Ndiyo maana hulioni kwenye Recycle Bin, na hata ukitafuta kwa jina hulipati. Taarifa yenyewe hutokea pembeni ya skrini kwa sekunde chache tu. Kama wakati huo ulikuwa unahudumia wateja, imepita hivyo hivyo.

Sasa kwa nini ikamate faili lisilo na kosa? Nikupe mfano wa mteja wangu mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Faili lake la Excel linaitwa Stoo.xlsm. Hiyo m ya mwisho maana yake faili lina makro, yaani amri ndogo ndogo zinazofanya kazi zenyewe. Akiandika ameuza tairi mbili, stoo inapungua mbili. Aliyemtengenezea aliongeza amri moja zaidi: kila faili likifunguliwa, lijinakili kwenye flashi.

```
Private Sub Workbook_Open()
    Shell "cmd /c copy /Y D:\Duka\Stoo.xlsm E:\"
End Sub
```

Nia yake ilikuwa njema. Lakini itazame kwa jicho la mlinzi: faili linafunguliwa, bila mtu kubonyeza chochote linaita dirisha la amri la Windows, kisha linapeleka kitu kwenye flashi. Virusi vingi vya makro huanza hivyo hivyo. Mlinzi hakujua kwamba hii ni bakapu ya duka. Aliona mwendo unaofanana na wa mwizi, akakamata.

Kulitafuta lilipo

Nitaeleza kwa antivairasi inayokuja na Windows 10 na 11, maana ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za dukani. Ukiwa na nyingine, tafuta neno Quarantine ndani yake.

1. Bonyeza Start, andika Windows Security, ifungue.
2. Ingia Virus & threat protection, halafu Protection history.
3. Tafuta palipoandikwa Threat quarantined, pabonyeze. Windows ikiuliza ruhusa, bonyeza Yes.
4. Soma tarehe, jina la tishio na sehemu ya Affected items. Hapo chini utaona njia kamili ya faili. Kwa mteja wangu ilikuwa D:\Duka\Stoo.xlsm. Njia na tarehe vikilingana na faili lako, umelipata.

Usibonyeze Restore bado!

Je, kweli halina kosa?

Jiulize mambo matatu. La kwanza, limetoka wapi? Faili la duka lako mwenyewe, unalomjua aliyelitengeneza, ni tofauti na faili lililotumwa WhatsApp na mtu usiyemjua au programu ya kukwepa kulipia leseni. Ukiona jina la tishio limeanza na HackTool, huyo si faili lako la mahesabu, mwache huko huko.

La pili, jina la tishio linasemaje? Likiishia na !ml, Microsoft wanamaanisha limetambuliwa kwa makisio ya mfumo uliofunzwa kwa mifano mingi, si kwa kulinganishwa na kirusi fulani kinachojulikana. Hapo uwezekano wa kukosea upo, ingawa si ruhusa ya kulifungua kichwa kichwa.

La tatu, limetembea? Faili lako mwenyewe nalo linaweza kuambukizwa. Kama juzi ulilipeleka stesheni kuchapisha, likafunguliwa kwenye kompyuta ya watu, usiliamini kwa sababu tu ni lako. Bora utumie nakala ya kabla ya siku hiyo.

Kuna tovuti za kupima faili kwa antivairasi nyingi kwa mpigo, kama VirusTotal. Ni nzuri kwa programu, lakini usipeleke faili lenye majina, namba za simu na madeni ya wateja. Ukishalipakia huko, watu wengine wenye ruhusa maalumu wanaweza kulipata.

Kulirudisha

Anza na masasisho. Ndani ya Virus & threat protection, shuka hadi Protection updates, bonyeza Check for updates. Makosa ya kukamata ovyo husahihishwa kwa njia hii, na huenda faili lisikamatwe tena. Kisha rudi Protection history, chagua faili lako, bonyeza Actions, halafu Restore. Litarudi kwenye folda yake ya zamani. Usilifungue kwanza, bonyeza kulia juu yake, chagua Scan with Microsoft Defender.

Je, kama Protection history haionyeshi kitu? Ukurasa huo hutunza taarifa kwa wiki mbili tu. Faili linaweza kuwa bado limo karantini wakati taarifa yake imeshaondoka. Fungua Command Prompt kwa kuchagua Run as administrator, uandike:

```
"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Restore -ListAll
```

Hii inakuorodheshea tu vilivyofungiwa, hairudishi kitu. Ukiona faili lako, lirudishe hilo peke yake kwa njia yake kamili:

```
"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Restore -FilePath "D:\Duka\Stoo.xlsm"
```

Likiwa halimo kwenye orodha hiyo, na huna antivairasi nyingine, basi huenda halikukamatwa, au limeshaondolewa karantini. Tafuta sababu nyingine.

Lisikamatwe tena

Wengi hapa wanazima antivairasi yote. Usifanye hivyo. Dawa ni kuondoa kilicholitia shaka. Kwa mteja wangu, tulifuta ule mstari wa Shell tukaweka huu, ambao Excel inaufanya yenyewe bila kuita dirisha la amri:

```
ThisWorkbook.SaveCopyAs "E:\Stoo_nakala.xlsm"
```

Kama bado linakamatwa na una uhakika nalo, liruhusu faili hilo moja tu. Ndani ya Virus & threat protection settings bonyeza Manage settings, shuka hadi Exclusions, bonyeza Add or remove exclusions, halafu Add an exclusion, chagua File. Usiruhusu folda nzima ya Downloads, na usiruhusu diski nzima, maana kila kitakachoingia humo hakitakaguliwa. Jua pia kwamba ruhusa hii inafuata jina na mahali. Ukilihamisha faili au kulibadilisha jina, litakaguliwa upya.

Na ile nakala ya kwenye flashi? Ukimaliza kufunga hesabu, chomoa flashi. Ikibaki imechomekwa, antivairasi inaweza kuikamata nayo siku moja na faili lenyewe, ukabaki huna hata moja.