Kukubali Kazi Si Kukubali Utumwa: Itifaki ya Palermo na Suala la Ridhaa

Usafirishaji haramu wa binadamu, ambao nchini Kenya huitwa pia ulanguzi wa binadamu, ulipata tafsiri ya kimataifa katika itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Novemba 2000. Itifaki hiyo ilianza kutiwa saini mjini Palermo, Italia, mwezi uliofuata, na ndiyo maana hujulikana kwa jina la mji huo. Kifungu chake cha 3 kinaangalia mambo matatu: kitendo, njia na kusudi.

Kitendo ni kumtafuta mtu na kumwandikisha, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Njia ni vitisho au nguvu, utekaji, ulaghai, kutumia vibaya mamlaka au hali dhaifu ya mtu, au kumlipa anayemtawala mtu huyo ili akubali kumtoa. Kusudi ni unyonyaji, kama vile kumfanyisha ukahaba, kumfanyisha kazi kwa lazima, kumweka utumwani au kumtoa viungo vya mwili. Kuvuka mpaka hakumo katika tafsiri hiyo. Wala si lazima unyonyaji uwe umekwisha kutokea: msichana akiokolewa akiwa bado njiani, kosa limekamilika iwapo kusudi la aliyemchukua linathibitika.

Swali linalowatatiza wengi ni la ridhaa. Mtu aliyefunga virago mwenyewe akaifuata kazi, atasemaje kwamba alitendewa uhalifu? Kifungu hichohicho kinajibu kwamba ikiwa mojawapo ya njia zilizotajwa ilitumika, ridhaa ya mhanga juu ya unyonyaji huo haina uzito wowote. Jibu hili lilipimwa kwa uchungu katika mashamba ya stroberi ya Manolada, nchini Ugiriki.

Katika msimu wa 2012 hadi 2013, wafanyakazi kutoka Bangladeshi wasio na vibali vya kazi waliajiriwa huko kwa ahadi ya yuro 22 kwa siku ya saa saba, na nyongeza ya yuro 3 kwa kila saa ya ziada. Wakafanya kazi saa 12 kwa siku chini ya walinzi wenye silaha, na kulala katika vibanda visivyo na choo wala maji ya bomba. Mishahara haikulipwa. Waajiri waliwaambia kwamba watalipwa iwapo tu wataendelea kufanya kazi. Tarehe 17 Aprili 2013 wafanyakazi walipokwenda kudai haki yao, mlinzi mmoja aliwafyatulia risasi, na takriban watu 30 wakajeruhiwa.

Mwaka 2014 mahakama ya Patras iliwatia hatiani baadhi ya washtakiwa kwa kujeruhi, lakini wote wakaachiwa kwa shtaka la usafirishaji haramu. Hoja yake ilikuwa kwamba wafanyakazi waliyajua masharti, wakayakubali, na walikuwa huru kuondoka. Hoja hiyo iliutazama mlango ulio wazi bila kuuliza aliyetoka angekwenda wapi. Asiye na vibali akitoka huhofia kukamatwa na kurudishwa kwao. Anayedai mshahara wa miezi akiondoka, huuacha wote nyuma.

Machi 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa uamuzi tofauti. Ilieleza kwamba mwajiri anapotumia vibaya mamlaka yake au kunufaika na hali dhaifu ya wafanyakazi ili kuwanyonya, hao hawajajitolea kwa hiari, hata kama mwanzoni walikubali. Yaliyowapata yalikuwa kazi ya lazima na usafirishaji haramu wa binadamu, na Ugiriki ilishindwa kuwalinda. Iliamriwa kuwalipa walalamikaji 42 fidia ya yuro 16,000 au 12,000 kila mmoja.

Katika kesi hii kitendo ni kuwaandikisha na kuwahifadhi mashambani. Kusudi linaonekana katika saa 12 za kazi bila malipo. Njia haikuwa minyororo, bali unyonge wa watu wasio na vibali, pamoja na mshahara ulioshikiliwa ili wasiondoke. Dalili za namna hii ndizo za kutafutwa popote: pasipoti iliyochukuliwa na mwajiri, deni la nauli lisilopungua, vitisho vya kuitiwa polisi wa uhamiaji.

Kwa mtoto, yaani kila aliye chini ya miaka 18, sharti ni jepesi zaidi. Njia haihitaji kuthibitishwa. Kitendo na kusudi vinatosha. Binti wa miaka 14 anayechukuliwa kijijani ili akatumikishwe mjini ni mhanga hata kama hakudanganywa na alifurahia safari, na kukubali kwa wazazi wake hakumwondolei hatia aliyemchukua. Kwa mtu mzima, njia lazima ithibitishwe. Mshahara mdogo pekee, bila ulaghai, kulazimishwa wala kutumiwa unyonge wake, unabaki kuwa suala la sheria za kazi.