Zege la moja kwa mbili kwa nne: hesabu yake kwa ndoo

Katika saiti nyingi za nyumba za kawaida, zege huanza hivi: mfuko mmoja wa saruji, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto. Mwenye nyumba akiuliza, anajibiwa kwamba hiyo ndiyo moja kwa mbili kwa nne. Namba ni zenyewe, lakini zege hilo sivyo lilivyo.

Kipimo cha moja kwa mbili kwa nne ni cha ujazo, na kina maana pale tu vitu vyote vitatu vinapopimwa kwa chombo kimoja. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli ikibeba lita 60, mbili za mchanga ni lita 120 na nne za kokoto ni lita 240. Ukigawanya kwa 35, unapata karibu moja kwa tatu na nusu kwa saba. Saruji iliyomo ni kama nusu tu ya inayotakiwa.

Njia iliyo salama ni kugeuza mfuko kuwa ndoo. Lita 35 ni ndoo moja na robo tatu ya lita 20. Kwa hiyo kila mfuko mzima unakwenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Ndoo ijazwe, kisha isawazishwe kwa kipande cha ubao hadi usawa wa mdomo. Ukichanganya nusu mfuko, gawa kila kitu kwa mbili.

Sasa ukijumlisha saruji, mchanga na kokoto unapata ndoo kumi na mbili na robo, lakini zege litakalotoka halifiki hapo. Mchanga unaingia kwenye nafasi zilizo kati ya kokoto, na saruji inajaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga. Ndiyo maana mafundi wanaokadiria huzidisha ujazo wa zege wanalolitaka kwa 1.54 ili kupata ujazo wa vitu vikavu. Mfuko mmoja huishia kutoa kama ndoo nane za zege, yaani mita za ujazo 0.16.

Tuchukue mfano wa sakafu ya kuwekea tangi la maji, mita 2 kwa mita 2, unene sentimita 15. Ujazo wake ni 2 × 2 × 0.15, yaani mita za ujazo 0.6. Zidisha kwa 1.54, upate 0.924, ambayo ni lita 924 za vitu vikavu. Moja, mbili na nne zikijumlishwa ni mafungu saba, hivyo kila fungu ni lita 132. Saruji inachukua fungu moja: lita 132 kwa 35 ni mifuko 3.8, kwa hiyo unanunua minne. Mchanga utakuwa ndoo 14 na kokoto ndoo 28. Kinachozidi kidogo kitafidia kinachomwagika.

Mchanga wenye unyevunyevu unaweza kuiharibu hesabu hii. Maji kidogo huzitenganisha chembe zake, nao unavimba, hivyo ndoo inaonekana imejaa ilhali mchanga wenyewe ni pungufu. Jaza mchanga huo kwenye chombo kilichonyooka hadi sentimita 20, uutoe, tia maji nusu ya chombo, kisha urudishe mchanga huku ukikoroga. Ukitulia kwenye sentimita 17, pima ndoo nne kwa mfuko badala ya tatu na nusu.

Maji nayo yanapimwa. Kwa mfuko mmoja anza na lita 25, yaani ndoo moja na robo, na upunguze kama mchanga una maji. Changanya kwanza saruji na mchanga vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, weka kokoto, ndipo utie maji kidogo kidogo. Zege zuri hukaa kwenye koleo bila kuchuruzika, na kila kokoto imepakwa uji wa saruji. Ukiona maji yanaelea juu na kokoto zinazama, maji yamezidi. Yakishakauka yataacha vitundu vitakavyodhoofisha sakafu. Zege lililoanza kukaza lisilainishwe kwa maji. Changanya kiasi kinachoweza kumwagwa ndani ya saa moja, kisha sakafu ibaki na unyevu kwa siku 7 au zaidi.

Kipimo hiki kinafaa sakafu, lenta na kazi nyingine ndogo. Nguzo na slabu za ghorofa ni kazi ya mhandisi, naye hutaja nguvu ya zege inayotakiwa na kutaka ipimwe maabara, kwa kuwa ndoo haiwezi kuithibitisha.