Sentimita 13 za Lamu

Ukiingia katika nyumba ya kale ya mawe huko Lamu, macho yatakwambia vyumba vyake vimenyooka. Ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari hazivuki mbali: upana wake huwa karibu mita 2.5 hadi 3. Anayetaka kuuchora msana kama ulivyo hana budi kuyaweka macho kando na kushika futi.

Tuchukue chumba chenye kuta ndefu za mita 7.20 na fupi za mita 2.60, kila moja ikilingana na mwenzake. Mpimaji mwenye haraka atachora mstatili, aondoke. Lakini umbo la pembe nne laweza kulala upande bila urefu wa kuta zake kubadilika hata kidogo. Pembetatu haiwezi: ukishajua pande zake tatu, umbo lake ni moja tu. Ndiyo maana mpimaji makini huvuta futi kutoka kona hadi kona, akaukata msana kwa pembetatu. Hapa ulalo mmoja unasoma mita 7.78, wa pili 7.53. Kama pembe zingekuwa mraba, zote mbili zingesoma karibu 7.66. Ukuta wa mbali umesogea kando kwa sentimita 13.

Mezani, bikari huchora pembetatu ya kwanza kwa pande zake tatu, kisha kona ya nne hutafutwa kwa kuta mbili zilizobaki. Ulalo wa pili haukutumika kuchora, kwa hiyo ndio shahidi: ukipimwa kwenye karatasi usome 7.53. Usiposoma hivyo, kuna namba iliyosomwa vibaya, na afadhali kuligundua hilo kabla ya kuondoka Lamu.

Kwa nyumba nzima, kamba hukazwa kupitia milango, iwe mstari wa msingi. Kila kona hupimwa kutoka alama mbili za kamba hiyo. Alama zikiwa karibu mno, tao za bikari hukutana kwa pembe kali, na kosa la sentimita moja hukua. Urefu wa ukuta husomwa mfululizo, sifuri ya futi ikibaki pale pale. Kupima zidaka kimoja kimoja na kujumlisha ni kujumlisha makosa.

Daftari la penseli lina adabu yake. Namba iliyokosewa hukatwa kwa mstari, haifutwi. Kilichokadiriwa huandikwa kuwa kimekadiriwa, na unene wa ukuta usio na mlango wala dirisha huachwa wazi mpaka kamba ya ndani iunganishwe na ya nje. Tofauti ikitoka kubwa kuliko kuta nyingine, huenda kuna kitu kimefichwa humo.