Picha Moja, Maswali Mawili: Kuoanisha Pedi za Breki na Plagi na Magari Yake mjini Bujumbura

Ikisiri

Picha ya kipuri iliyotumwa kwa simu huulizwa maswali mawili kwa pamoja: kipuri hiki ni cha gari gani, na ubora wake ni wa daraja gani? Makala haya yanaonyesha kwamba maswali hayo hujibiwa kwa ushahidi wa aina mbili tofauti. La kwanza linaweza kujibiwa kwa picha iliyopigwa kwa uangalifu, ilimradi iandamane na namba ya chasisi. La pili picha hulijibu kwa sehemu ndogo tu, na alama ambayo wengi huisoma kama daraja la ubora haikukusudiwa kuwa hivyo.

Utangulizi

Katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, Kiswahili ni lugha ya barazani na ya gereji pia. Fundi aliyefungua gurudumu na kukuta pedi imekwisha hana haja ya kwenda dukani na chuma mkononi. Hupiga picha, akaituma kwa muuzaji, akasubiri bei. Kwake pedi ni *plaketi* na plagi ni *buji*, maneno yaliyotokana na Kifaransa, ilhali muuzaji anayeagiza mzigo kutoka Dar es Salaam huyasikia kwa majina ya pwani. Tofauti hiyo ya majina haiwasumbui sana, kwa kuwa picha huiziba. Tatizo liko katika mambo ambayo picha yenyewe haiwezi kuyasema.

Jambo lenyewe si dogo. Barabara ya Kitaifa Na. 1 hushuka kutoka Bugarama, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, katika mwendo wa kilomita thelathini na kitu tu. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 linaloteremka mita 1,400 hupoteza nishati ya megajuli 18 hivi. Sehemu yake humezwa na upepo na injini. Inayobaki hugeuka joto kati ya pedi na diski.

Kipuri hiki ni cha gari gani?

Mfano mmoja utatosha. Picha mbili zinamfikia muuzaji: moja ya pedi ya mbele iliyochakaa, nyingine ya plagi. Maelezo yanasema tu kwamba gari ni "Probox". Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, na jina hilo limebebwa na magari yenye injini na chasisi mbalimbali: NCP50 na NCP51 katika kizazi cha kwanza, kisha NCP160 na jamaa zake kuanzia mwaka 2014. Jina la gari, kwa hiyo, hupunguza uwanja wa utafutaji lakini haliufungi.

Hapa pana kikwazo ambacho waandaaji wa mifumo ya vipuri kutoka nje hukisahau. Katalogi nyingi za Ulaya humtaka mtumiaji aingize namba ya gari yenye herufi na tarakimu 17. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, kama yalivyo mengi ya magari ya mitumba yanayoingia Burundi, halina namba ya namna hiyo. Lina namba fupi ya chasisi inayoanza na kitambulisho cha modeli, kwa mfano NCP51, ikifuatiwa na kistari na tarakimu za mfululizo. Mfumo usioikubali namba hiyo humlazimisha fundi kukisia, na kisio hilo huingia katika kumbukumbu kana kwamba ni ukweli. Picha ya kibati cha modeli kilichomo chini ya boneti, ambacho pia hutaja aina ya injini, ina thamani kuliko picha tano za pedi yenyewe.

Plagi ndiyo rahisi kuisoma, kwa kuwa maandishi yake hueleza umbo lake. Tuseme kauri yake imeandikwa BKR5EYA-11, msimbo wa kampuni ya NGK. Herufi BK huonyesha hesi yenye kipenyo cha milimita 14 na kichwa cha spana namba 16. R, kwamba ndani mna kizuizi cha umeme. 5 ni daraja la joto. E, kwamba hesi ina urefu wa milimita 19. YA hueleza umbo la ncha. Na 11, kwamba mwanya wa cheche ni milimita 1.1. Mwenzake wa Denso ni K16R-U11, na plagi hizo mbili hutajwa pamoja kwa matoleo kadhaa ya injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox ya NCP51 na vilevile katika Corolla ya NZE121. Plagi moja hufaa magari mengi, na kwa sababu hiyo haiwezi kulitambulisha gari. Mtu anayetarajia jina moja la gari kutoka kwa picha ya plagi anauliza swali lisilo na jibu moja.

Namba ya daraja la joto inahitaji uangalifu zaidi. Kwa NGK na Denso, namba kubwa humaanisha plagi baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka. 5 ya NGK hukaribiana na 16 ya Denso. Kwa Bosch na Champion mpangilio umegeuzwa: namba kubwa ndiyo plagi yenye joto zaidi. Jedwali la ulinganisho lililotungwa bila kuzingatia geuzo hilo hutoa majibu yanayoingia kwenye tundu bila shida na kuiharibu injini polepole. Plagi yenye joto kupita kiasi huweza kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya cheche. Iliyo baridi kupita kiasi hujaa masizi.

Tena, picha huonyesha kipuri kilichokuwamo garini, si lazima kile kilichostahili kuwamo. Lau plagi katika mfano huu ingekuwa BKR6E, ingeingia bila kikwazo, kwa kuwa hesi na kichwa cha spana ni vilevile. Ila daraja lake la joto ni baridi kwa hatua moja na mwanya wake si ule. Pengine iliwekwa na fundi wa kwanza kwa kukosa iliyotakiwa. Muuzaji anayelinganisha picha na bidhaa atairudisha BKR6E kwa uaminifu mkubwa, na kosa litaendelea kuishi. Ndiyo maana msimbo wa plagi hauna budi kupimwa dhidi ya injini iliyotajwa kwenye kibati.

Pedi, kwa upande wake, mara nyingi haina maandishi yanayosomeka baada ya kutumika. Kinachobaki ni umbo la bamba la chuma la nyuma, ambalo haliliki kadiri tabaka la msuguano linavyokwisha. Masikio yake, mahali pa kibati kinacholia pedi inapofikia mwisho, na zaidi ya yote upana na kimo chake, ndivyo vitambulisho. Vipimo lakini huhitaji kipimio ndani ya picha, na kipimio kinaweza kudanganya. Chukulia pedi yenye upana wa milimita 110 na unene wa jumla wa milimita 17, iliyolazwa mezani bamba likiwa juu, kando ya kadi ya benki ambayo upana wake ni milimita 85.6. Simu iko sentimita 25 juu ya meza. Bamba liko karibu na lenzi kuliko kadi kwa milimita 17, hivyo huonekana kubwa kwa asilimia 7 hivi: milimita 110 husomeka kama 118. Kosa hilo linatosha kuipeleka pedi kwenye gari jingine kabisa. Pedi ikigeuzwa, bamba likalala mezani na tabaka la msuguano likawa juu, ukingo wa bamba unakuwa karibu na usawa wa kadi na kosa hushuka hadi asilimia 2. Kupiga picha kutoka umbali wa mita moja na kuikuza hupunguza kosa vilevile. Picha ya pili, bamba likiwa juu, hubaki ya kusoma maandishi tu.

Programu ya kompyuta inayolinganisha picha na hazina ya picha inakabiliwa na mipaka hiyohiyo. Ikifundishwa kwa picha za katalogi, zenye pedi mpya juu ya mandhari meupe, itababaika mbele ya pedi yenye kutu na vumbi jeusi. Ikipimwa kwa picha za pedi zilezile ilizofundishiwa, zikiwa zimepigwa kwa pembe nyingine tu, itaonekana hodari kuliko ilivyo. Inapaswa pia kuruhusiwa kusema kwamba kipuri hakimo katika hazina yake. Isiporuhusiwa, daima itataja gari fulani.

Ubora wake ni wa daraja gani?

Ukingoni mwa pedi nyingi mpya kumechapwa msimbo unaoishia na herufi mbili, kama vile FF, FE au GG. Ni rahisi kuzisoma kama madaraja ya shuleni. Herufi hizo zinatokana na utaratibu wa J866 wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, na zinaeleza kizigeu cha msuguano tu. E ni kuanzia 0.25 hadi 0.35, F, hadi 0.45, G, hadi 0.55. Herufi ya kwanza ni ya hali ya joto la kawaida, ya pili ni ya joto kali, ambapo vipimo hufika nyuzi 343 za Selsiasi. Hupatikana kwa kusugua kipande kidogo cha mraba chenye upande wa milimita 25.4, wala si pedi nzima ndani ya gari. Hazisemi lolote kuhusu muda ambao pedi itadumu, wala kama tabaka la msuguano litabanduka kwenye bamba. GG si "bora" kuliko FF. Kwa gari lililosanifiwa kwa FF, GG inaweza kuvuruga uwiano wa breki za mbele na za nyuma. Kwa mteremko wa Bugarama, herufi ya pili ndiyo ya kuangaliwa: FE inamaanisha msuguano hupungua breki zinapopata moto.

Alama iliyo karibu zaidi na cheti cha ubora ni ya Kanuni Na. 90 ya Umoja wa Mataifa: E na namba ya nchi ndani ya duara, pamoja na namba ya idhini yenye 90R. Kanuni hiyo hutaka pedi mbadala isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika utendaji, na tabaka lake lishikamane na bamba kwa nguvu isiyopungua nyutoni 250 kwa kila sentimita ya mraba. Hata hivyo, alama inayoweza kuchapwa inaweza kughushiwa. Picha huthibitisha kwamba alama ipo, basi. Uthibitisho huanza pale namba ya idhini inapolinganishwa na orodha ya mtengenezaji, ili ionekane kama idhini hiyo ilitolewa kwa umbo hilo la pedi na kwa gari hilo.

Kwa plagi, kipimo kimoja cha bei nafuu hushinda picha yoyote. Plagi yenye R katika msimbo, ikipimwa kwa mita ya umeme kutoka kichwani hadi kwenye ncha ya kati, huonyesha ukinzani wa takriban omu 5,000. Ikionyesha karibu na sifuri, herufi R ni uongo, na hapana sababu ya kuyaamini maandishi mengine yaliyo juu ya kauri hiyo.

Kwa washauri wa sera, na hasa kwa Ofisi ya Burundi ya Viwango na Udhibiti wa Ubora, BBN, matokeo yake ni ya kiutendaji. Kumbukumbu ya kipuri kilichotambuliwa kwa picha inapaswa kuwa na sehemu mbili zisizochanganywa: *kinafaa*, ikiambatana na namba ya chasisi na injini, na *ubora*, ikitaja ulithibitishwa kwa njia gani, iwe ni orodha ya idhini, mita, au maabara. Pale ambapo hakuna njia iliyotumika, sehemu ya pili iachwe wazi. Wauzaji hawatalipenda pengo hilo, kwa kuwa mteja ataliuliza.