Kabla ya kupiga skrinshoti ya malipo, zima arifa

Umelipia lori la viazi kutoka Naro Moru, na dereva anataka skrinshoti ya malipo. Ukipiga tu, ujumbe wa benki wenye namba ya kuthibitisha unachomoza juu ya skrini na kuingia kwenye picha. Sasa dereva anaiona pia.

Kwa simu za Android, tunashauri hivi: vuta menyu ya juu, gusa Do Not Disturb, funga menyu. Kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na cha kupunguza sauti kwa pamoja.

Simu zingine huzima mlio pekee, ujumbe bado huchomoza. Ingia kwenye mipangilio ya Do Not Disturb uchague kuficha arifa pia. Kagua picha kabla ya kutuma, halafu izime, usije ukakosa simu ya mteja.